Robots.txt imeruhusu, masharti yamekataa: nivune au niache?

*Shikamoo mwalimu. Natengeneza programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili na nahitaji maandishi mengi. Nataka kuvuna kwa programu makala za Wikipedia ya Kiswahili, na makala kama 40,000 za gazeti moja la hapa Tanzania pamoja na maoni ya wasomaji, maana kwenye maoni ndiko watu wanaandika kama wanavyoongea. Robots.txt ya gazeti ni hii, na Python imeniambia kurasa zote zinaruhusiwa:*

```
User-agent: *
Allow: /
Disallow: /tafuta
Disallow: /maoni/
Disallow: /*?chapa=
Crawl-delay: 10

User-agent: CCBot
Disallow: /
```

*Kwenye vigezo na masharti wameandika: "Maudhui haya ni kwa matumizi binafsi ya msomaji yasiyo ya kibiashara. Hairuhusiwi kuyanakili kwa njia za kiotomatiki, kuyahifadhi katika kanzidata wala kuyasambaza bila idhini ya maandishi ya mchapishaji." Mwenzangu anasema kilicho wazi mtandaoni ni cha wote. Je, niendelee?*

Marahaba. Gazeti usiliguse mpaka wakupe ruhusa kwa maandishi. Maoni ya wasomaji yaache hata wakikuruhusu makala. Wikipedia endelea, ila kwa njia nyingine kabisa, ambayo haihitaji kuvuna ukurasa hata mmoja. Sasa nikueleze nimefikaje hapo, nikianzia kwenye jibu ulilopewa na Python, kwa sababu jibu hilo si sahihi na watu wengi wanaliamini.

Utaratibu wa robots.txt, faili ambalo mwenye tovuti huliweka kuziambia programu zipite wapi na zisipite wapi, ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Kwa miaka mingi ulikuwa mazoea tu ya watu wa mtandao, kila programu ikiyasoma kwa namna yake, hadi Septemba 2022 ulipoandikwa rasmi kama hati ya viwango vya mtandao, RFC 9309. Hati hiyo ni fupi na inasomeka kwa muda mchache; ukiisoma utaona kwamba hukumu ya ukurasa wowote inapatikana kwa hatua mbili. Kwanza unatafuta kundi linalokuhusu, yaani mistari inayoanza na `User-agent` yenye jina la programu yako. Jina lako likiwepo, unafuata kundi hilo peke yake, na lile la nyota halikuhusu tena. Jina lisipokuwepo ndipo unaangukia kwenye nyota. Pili, ndani ya kundi lako unatazama kanuni zote zinazolingana na anwani ya ukurasa, na inayoshinda ni ile ndefu zaidi, haijalishi imeandikwa juu au chini. Zikilingana urefu, `Allow` ndiyo inayoshinda.

Tuipitishe robots.txt yako kwenye hatua hizo. Tuseme programu yako unaiita KamusiBot. Jina hilo halimo, kwa hiyo unafuata kundi la nyota. Ukurasa `/siasa/bunge-laahirishwa` unalingana na `Allow: /` tu, basi unaruhusiwa. Ukurasa `/maoni/8812` unalingana na kanuni mbili: `Allow: /` yenye herufi moja, na `Disallow: /maoni/` yenye alama saba. Ndefu imeshinda, ukurasa umekatazwa. Ile makala ya siasa ukiiomba kama `/siasa/bunge-laahirishwa?chapa=1`, inaangukia kwenye `/*?chapa=`, kwa sababu nyota ndani ya njia inamaanisha maandishi yoyote, na hiyo nayo imekatazwa. Angalia pia kwamba `/tafuta` inakamata kila kinachoanza na herufi hizo, hata `/tafuta-kazi`, ingawa mwenye tovuti pengine aliwaza ukurasa wa utafutaji peke yake. Na herufi kubwa na ndogo katika njia ni vitu tofauti: `/Maoni/` haiguswi na kanuni ya `/maoni/`.

Kwa hiyo mwenye gazeti amekataza maoni waziwazi, na Python imekuambia yameruhusiwa. Hitilafu iko kwenye `urllib.robotparser`, ile inayokuja na Python yenyewe. Katika matoleo mengi ambayo bado yako kwenye kompyuta za watu, inasoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana. Kwako ya kwanza ni `Allow: /`, inayolingana na kila kitu, hivyo zilizobaki hazikufikiwa. Nyota iliyo katikati ya njia nayo haiielewi. Jaribu mwenyewe bila hata kugusa mtandao:

```python
from urllib.robotparser import RobotFileParser

rp = RobotFileParser()
rp.parse("""User-agent: *
Allow: /
Disallow: /maoni/""".splitlines())
print(rp.can_fetch("KamusiBot", "/maoni/8812"))
```

Ikichapisha `True`, kisomaji chako ni kile cha zamani. Weka maktaba ya Protego, ambayo Scrapy, programu ya kuvuna tovuti, inaitumia, na rudia jaribio. Kuwa makini na kitu kimoja: katika Protego, `can_fetch` inapokea anwani kwanza, kisha jina la programu, kinyume na ile ya Python. Ukizigeuza hutaona kosa lolote kwenye skrini, utapata tu hukumu ya uongo. Mimi kabla ya kuiachia programu yoyote huchagua anwani tano au sita za kila aina ya ukurasa ninaoutaka, nazihukumu kwa macho yangu kwenye karatasi, halafu nalinganisha na jibu la maktaba. Zikipishana hata moja, siendelei.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ulichosoma ni robots.txt kweli. Iombe kwa amri hii na utazame mistari ya juu inayotoka kwenye seva:

```
curl -sS -D - https://example.com/robots.txt
```

Ikija 404, faili halipo, na RFC 9309 inasema unaweza kuendelea. Ikija namba ya 500 na kuendelea, seva imeshindwa kujibu, na hapo hati inakutaka uchukulie kwamba tovuti yote imekatazwa mpaka seva ipone. Ikija 200 lakini `Content-Type` ni `text/html`, mara nyingi umepewa ukurasa wa mbele wa tovuti au ukurasa wa kukuuliza kama wewe ni binadamu. Kisomaji hakitaona kanuni yoyote humo na kitakuambia kila kitu ni ruksa. Jibu la 403 ndilo linalowachanganya wengi. Kwa maandishi ya RFC linahesabiwa pamoja na 404, lakini mimi nalichukulia kama katazo, kwa sababu seva iliyokataa kukuonyesha kanuni zake haijakukaribisha. Ila usikimbilie kusema umekatazwa kabla hujaangalia jina ulilojitambulisha nalo: `robotparser` hujitambulisha kama `Python-urllib`, na seva nyingi hulifukuza jina hilo moja kwa moja. Jitambulishe kwa jina lako halisi kisha utazame tena. Na kumbuka kila jina la seva lina faili lake. Kanuni za `www` hazisemi lolote kuhusu `m.` au `picha.` ya gazeti hilohilo.

Kuhusu `Crawl-delay: 10`, mstari huo haumo kwenye RFC 9309, na Google hawaufuati. Wewe ufuate. Mwenye seva amekuambia kwa lugha nyepesi kiasi anachoweza kubeba: ukurasa mmoja kila sekunde 10. Makala 40,000 kwa mwendo huo ni sekunde 400,000, yaani kama saa 111, siku nne na nusu hivi bila kusimama. Si muda mrefu kwa kazi ya kamusi. Na kwa kuwa RFC inakutaka usitegemee nakala ya robots.txt iliyozidi saa 24, ndani ya siku hizo utaisoma upya kila siku, na ikibadilika unabadilika nayo.

Kundi la `CCBot` usilipite haraka. Hiyo ni programu ya Common Crawl, shirika lisilo la kibiashara la Marekani linalohifadhi nakala za kurasa za mtandao kwa wingi ili watu wengine wazitumie. Kwa herufi, katazo hilo halikuhusu. Lakini limekuambia habari kubwa kuhusu mwenye nyumba: kuna mtu pale gazetini aliyekaa akafikiri juu ya watu wanaokusanya maandishi kwa wingi, na akaamua hataki. Kazi yako inafanana na ile ya CCBot kuliko inavyofanana na ya injini ya utafutaji. Mimi nikiona mstari wa namna hiyo, nachukulia kwamba nisome masharti kwa makini zaidi, na kwamba nitaandika barua.

Sasa tuingie kwenye masharti, maana hata kama robots.txt ingekuruhusu kila kitu, swali lako lisingekuwa limejibiwa. RFC 9309 yenyewe inatamka kwamba kanuni zake si idhini ya kuingia mahali. Zinaongea na programu inayotembea, zikiiambia njia gani ipite. Hazisemi lolote kuhusu utakachofanya na maandishi ukishayafikisha nyumbani: utayahifadhi, utayauza, utayachapisha tena? Hayo yako kwenye vigezo na masharti, na ndiyo maana mtu anaweza kuruhusiwa upande mmoja na kukataliwa upande mwingine, kama ilivyo kwako.

Sentensi uliyoninukulia ina makatazo matatu, na yanafaa kutenganishwa. La kwanza linahusu njia: kunakili kwa programu. La pili linahusu kuhifadhi katika kanzidata. La tatu linahusu kusambaza. Kazi yako inagonga la kwanza na la pili bila shaka. La tatu linategemea utatoa nini mwishoni. Orodha ya maneno na idadi ya mara yalivyotokea si sawa na kutoa sentensi nzima za mwandishi. Lakini huwezi kujitetea kwa la tatu ukiwa umeshavunja mawili ya mwanzo. Wala usijifiche kwenye "matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara". Hapo wanamwongelea msomaji anayesoma, na programu utakayoigawa kwa watu si matumizi binafsi hata ukiigawa bure.

Utauliza, je, masharti yaliyo chini ya ukurasa kwa maandishi madogo yananifunga, wakati sikubonyeza popote kwamba nimekubali? Ni swali halali, na mahakama za nchi mbalimbali zimelishughulikia. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa huko New York iliamua kesi ya Register.com dhidi ya Verio. Verio walikuwa wakichukua kwa roboti, kila siku, taarifa za watu waliosajili majina ya tovuti kwa Register.com, ili wawauzie huduma. Walijitetea kwamba masharti yalionekana baada ya taarifa kuletwa, na hawakuyakubali. Mahakama ikasema mtu anayerudi kila siku, anayejua masharti hayo vizuri, hawezi kuchukua faida huku akikana masharti. Pima hali yako kwa kipimo hicho: umeyasoma, umeyanakili, umenitumia. Kutojua si utetezi wako tena. Na kama ulifungua akaunti ukabonyeza kisanduku cha kukubali, mjadala umekwisha zaidi.

Mwenzako anayesema kilicho wazi ni cha wote pengine amesikia nusu ya kesi ya hiQ na LinkedIn. Anaisimulia hivi kila mtu: kampuni ndogo ilivuna wasifu wa watu ulio wazi LinkedIn, LinkedIn wakawaandikia mwaka 2017 waache, kampuni ikaenda mahakamani ikashinda. Ni kweli kwamba mahakama ya rufaa ya California na majimbo jirani, mwaka 2019 na tena Aprili 2022, iliona kuwa kusoma kurasa zisizohitaji neno la siri huenda si kuvunja sheria ya Marekani ya udukuzi. Nusu ya pili ndiyo isiyosimuliwa. Novemba 2022 mahakama ya wilaya ikaamua kwamba hiQ walikuwa wamevunja mkataba wa watumiaji wa LinkedIn, kwa kuvuna na kwa kutumia akaunti za uongo. Mwezi uliofuata kesi ikafungwa kwa hukumu ya dola 500,000 dhidi ya hiQ, wakitakiwa kuacha kuvuna. Kampuni ileile, data ileile iliyo wazi: upande wa udukuzi walipona, upande wa mkataba walianguka.

Ulaya nako kuna kesi inayofanana na yako kwa namna nyingine. Ryanair waliishtaki PR Aviation, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikichukua bei za ndege kwenye tovuti yao ili watu walinganishe. Kutazama bei kulihitaji kubonyeza kisanduku cha kukubali masharti yaliyokataza kuchukua data kwa programu. Januari 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba hata kama kanzidata yenyewe hailindwi na hakimiliki wala na haki maalumu ya kanzidata, mwenye nayo anaweza kuweka mipaka kwa mkataba, kwa kufuata sheria ya nchi husika. Yaani hata bei tupu, isiyo na hakimiliki ya mtu, ilizuilika kwa masharti. Makala za gazeti zina ulinzi zaidi ya bei.

Hukumu hizo hazifungi mahakama za Dodoma wala Nairobi. Nimezileta kwa sababu zinaonyesha maswali yanavyotenganishwa: kuingia ni swali moja, mkataba ni lingine, hakimiliki ni lingine, taarifa za watu ni lingine. Tanzania yote manne yana sheria zake. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuhusu kuingia kwenye mifumo bila idhini, kuna sheria ya hakimiliki ya 1999, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya ulinzi wa data tangu 2019. Mtu akikuambia jambo ni halali, muulize halali kwa sheria ipi kati ya hizo.

Sheria hiyo ya taarifa binafsi ndiyo inanifanya nikuambie uache maoni. Ninaelewa kwa nini unayataka. Kiswahili cha kwenye maoni kina vifupisho, kina lahaja, kina makosa yaleyale ambayo programu yako itatakiwa kuyasahihisha. Kwa kazi yako ni dhahabu. Lakini kila oni lina jina, mara nyingine picha, mara nyingine namba ya simu ambayo mtu aliiweka akitafuta msaada, na ndani yake kuna dini yake, chama chake, ugonjwa wa mtoto wake. Mtu huyo aliandika chini ya habari ya siku hiyo, akiwajibu wasomaji wenzake. Kuyakusanya yote mahali pamoja ni kuchakata taarifa binafsi, na mchapishaji hawezi kukupa idhini kwa niaba yao. Kufuta majina hakutoshi pia, kwa sababu sentensi nzima ukiibandika kwenye injini ya utafutaji inakurudisha kwa aliyeiandika. Na hapo mwenye tovuti ameshaandika `Disallow: /maoni/`. Ukihitaji Kiswahili cha namna hiyo, waombe watu wakuandikie wakijua unachofanya. Wanafunzi wa chuo kimoja wakikubali kuchangia jumbe zao, utapata makosa ya tahajia ya kukutosha.

Makala zenyewe unaweza kuziomba. Usiandike kwa anwani ya matangazo. Tafuta ya mhariri au ya kitengo cha dijitali. Barua inayokataliwa kwa kawaida ni ile inayosema "naomba data kwa ajili ya utafiti" na kuishia hapo, kwa sababu anayeisoma hajui anaombwa nini na anaogopa kusaini. Mpe mambo anayoweza kuyakubali au kuyakataa moja moja. Yangu ningeiandika hivi:

> Ndugu Mhariri, natengeneza programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili itakayogawiwa bure. Naomba idhini ya maandishi ya kusoma kwa programu makala zenu zilizo wazi, bila maoni ya wasomaji, bila picha, na bila kurasa zilizokatazwa kwenye robots.txt yenu. Programu itajitambulisha kwa jina KamusiBot pamoja na anwani yangu, itaomba ukurasa mmoja kila sekunde 10, na itafanya kazi usiku. Nitakachotoa hadharani ni orodha ya maneno na idadi yake tu. Hakuna sentensi wala makala itakayochapishwa. Nakala za makala nitazifuta orodha ikikamilika. Kama mna kumbukumbu za makala ambazo mngependa kunipa kwa njia nyingine, nitashukuru zaidi. Mkiniambia nisimame wakati wowote, nitasimama siku hiyohiyo.

Ile sentensi ya kumbukumbu usiiache. Mara nyingi gazeti lina nakala ya makala zake kwenye mfumo wa kuhariri, na fundi wao anaweza kukupa faili moja kwa urahisi kuliko kuvumilia maombi 40,000 kwenye seva. Wakinyamaza, kunyamaza si kukubali. Masharti yao yanasema idhini ya maandishi. Andika tena baada ya wiki mbili au tatu, kisha tafuta gazeti lingine. Wakikubali, hifadhi barua yao pamoja na nakala ya robots.txt na ya masharti, kila moja ikiwa na tarehe uliyoisoma, kwa sababu mwakani masharti yanaweza kuwa tofauti na utatakiwa kuonyesha ulichoruhusiwa siku ile.

Wikipedia ni habari nyingine, na ni mahali pazuri pa kujifunza kusoma robots.txt kwa sababu walioiandika wameacha maelezo ndani yake. Mwanzoni wanaonya kwamba kuna programu zinazokimbia kupita kiasi na kwamba zinaweza kufungiwa. Wameikataza `wget`, programu ya kushusha kurasa, kwa jina na kueleza sababu: namna yake ya kushusha kurasa kwa mfululizo imekuwa tatizo la mara kwa mara. `wget -r` ikifika pale inajisomea katazo hilo na kusimama yenyewe. Utakuta watu wanashauriana kuongeza `-e robots=off`. Anayeandika hivyo ameona katazo, amelielewa, na ameamua kulizima kwa mkono wake. Hawezi tena kusema hakujua.

Kwa programu ambazo hazikukatazwa kwa jina, kurasa za makala chini ya `/wiki/` zimeachwa wazi, na zilizo chini ya `/w/` zimekatazwa kwa sehemu kubwa, maana humo mna historia za marekebisho na ulinganisho wa matoleo, kurasa ambazo seva inazitengeneza upya kila zinapoombwa na ambazo hazina mwisho. Wamekataza pia `/wiki/Special:`. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili kurasa hizo zinaitwa pia `Maalum:`, na kwa kuhesabu herufi tu, kanuni ya `/wiki/Special:` haiigusi `/wiki/Maalum:`. Programu yako ingepita. Wewe usipite, kwa sababu sasa unajua katazo liliwekwa kwa ajili ya nini.

Masharti ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, yanakataza matumizi ya programu yanayosumbua huduma, na sera yao inataka ujitambulishe kwa jina linaloeleweka na njia ya kukupata, namna hii:

```
KamusiBot/0.1 (https://example.org/kamusibot; kamusi@example.org)
```

Lakini huna sababu ya kuvuna. Wikimedia wanatoa faili la makala zote za Kiswahili kwa ajili ya watu kama wewe, na wanalitengeneza upya mara kwa mara:

```
https://dumps.wikimedia.org/swwiki/latest/swwiki-latest-pages-articles.xml.bz2
```

Unashusha mara moja, unafungua kwenye kompyuta yako, unasoma mara elfu bila kumsumbua mtu. Ndani utakuta maandishi yakiwa na alama za wiki, ambazo utaziondoa kwa maktaba kama `mwparserfromhell`, na kila ukurasa una namba ya aina yake katika `<ns>`: chukua zenye `0`, ambazo ni makala, na uache zilizobaki, kama kurasa za jamii.

Ruhusa hii ina sharti lake. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0, inayokutaka uwataje walioandika na utoe kazi inayotokana nayo kwa leseni hiyohiyo. Ukitoa sentensi za mfano pamoja na maneno, sharti hilo linakuhusu moja kwa moja: kila sentensi iwe na jina la makala na kiungo chake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, unapochambua faili, hifadhi jina la makala na namba ya toleo lake pembeni ya kila sentensi. Ukizitenganisha mwanzoni, kuzirudishia baadaye ni kazi kubwa kuliko kuvuna kwenyewe.